Mito mitatu kichwani na bado nakohoa usiku kucha

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Njombe. Leo ni siku ya sita nina mafua. Mchana najikaza, nafundisha, lakini nikishalala tu pua zinaziba zote mbili na kikohozi kinaanza. Jirani aliniambia nilale kichwa kikiwa juu, basi nikaweka mito mitatu, miwili yangu na mmoja nimemnyang'anya mume wangu. Nililala vizuri kama nusu saa hivi. Saa nane usiku nikazinduka nimeteleza hadi katikati ya kitanda, shingo imekaza, kikohozi kile kile. Sasa mtoto wangu wa miezi mitano naye ameanza kuziba pua. Mama mkwe yuko kwetu, anasema mtoto naye nimwekee mto, na usiku tuingize jiko la mkaa chumbani kwa sababu baridi ndiyo inayotukohoza. Sitaki kumvunjia heshima, ila naogopa. Nifanyeje?

Mama Kichanga, Njombe

*

Marahaba mwanangu, na pole sana. Nianze na mawili yasiyosubiri kesho. Mtoto usimwekee mto hata mmoja, na jiko la mkaa lisiingie chumbani. Sababu zake nitakueleza huko mbele, lakini usiku wa leo shika hayo kwanza.

Jirani yako hakukudanganya. Alikupa nusu ya maelezo, na nusu aliyoiacha ndiyo iliyokukazia shingo. Ili uone kosa liko wapi, acha nikuambie kwanza kinachotokea ndani ya pua yako ukilala chali bapa.

Wengi wetu tunadhani pua iliyoziba imejaa kamasi, ndiyo maana mtu anapenga na kupenga hadi masikio yanavuma, na haizibuki. Sehemu kubwa ya kuziba kule ni nyama za ndani ya pua zilizovimba. Nyama zile zina mishipa midogo ya damu mingi mno, na mafua yakiingia mishipa hiyo hujaa damu, nyama zinafura kama sifongo iliyonyonya maji. Ukiwa umesimama au umekaa, damu ya kichwani inashuka kwa urahisi kurudi kifuani. Ukilala bapa, kichwa na moyo vinakuwa usawa mmoja, damu inashuka kwa uvivu, na sifongo inazidi kufura. Ndiyo maana saa tatu usiku ulikuwa unapumua vizuri ukisahihisha madaftari, na saa tatu na robo, kitandani, pua haipitishi kitu.

Kikohozi nacho kina njia yake. Kamasi halitoki kwa mbele tu, jingine linashuka nyuma ya pua kuelekea kooni. Mchana unalimeza bila hata kujua. Usingizini tunameza kwa nadra sana, kwa hiyo ukilala bapa linatuama pale kooni, karibu na mlango wa njia ya hewa, linatekenya, na mwili unakohoa kulinda mapafu. Ongezea kwamba pua ikiziba unapumulia mdomo, koo linakauka na kuwasha zaidi. Ukiwa umeinuka, kamasi lile lile linateremka kwenye umio na kumezwa, na koo linapumzika.

Sasa mito yako mitatu. Mito ikirundikwa chini ya kichwa peke yake, kichwa kinainuka ila mgongo unabaki chini. Shingo inapinda, kidevu kinakaribia kifua, na njia ya hewa inabanwa pale pale ulipotaka kuifungua. Zaidi ya hapo, mwili haukai juu ya ukingo mkali kama ule. Usingizi ukikolea misuli inalegea na unateleza kidogo kidogo, hadi kichwa kinaangukia chini ya mito. Ile nusu saa uliyolala vizuri ni ushahidi kwamba kuinuka kunakusaidia. Kilichoharibika ni ujenzi.

Unachotakiwa kujenga ni mteremko unaoanzia kiunoni. Mgongo, mabega, shingo na kichwa viinuke pamoja, kama mtu aliyeegemea kiti cha uvivu. Kwa jinsi ninavyokijua kitanda cha huku kwetu nyanda za juu, vifaa unavyo tayari, maana hakuna nyumba ya Njombe isiyo na mablanketi mazito mawili matatu.

Chukua blanketi zito moja, likunje hadi liwe pana kama mgongo wako na refu kutoka kiunoni hadi mchagoni. Litandaze chini ya godoro, juu ya chaga. La pili likunje fupi zaidi, lianzie usawa wa mabega hadi mchagoni, uliweke juu ya lile la kwanza. Godoro la sifongo litajipinda lenyewe kufuata umbo hilo, na utapata mteremko laini usio na ngazi. Kama godoro lako ni gumu au zito kulinyanyua, weka mablanketi juu yake, chini ya shuka, mpangilio ule ule. Kisha weka mto mmoja, mmoja tu, na uuvute hadi ukingo wake uguse mabega, ili shingo nayo ipate pa kulala isibaki inaning'inia.

Kimo cha mchagoni kitoshe sentimita 15 hadi 20. Kama huna futi, tumia shubiri yako, iwe pungufu kidogo. Watu wakisikia kuinuka kunasaidia hujenga mlima, kisha usiku kucha wanateleza. Baada ya kulala, jipime. Ngumi yako ipite bila shida kati ya kidevu na kifua. Isipopita, shingo imepinda. Ongeza blanketi chini ya mgongo au tafuta mto mwembamba zaidi. Ukiona bado unateleza, viringisha kanga au taulo uliweke chini ya magoti. Magoti yakikunjika kidogo, mwili unashikilia, na kiuno hakiumi asubuhi.

Kuna wanaoweka matofali chini ya matendegu mawili ya mchagoni ili kitanda chote kiiname. Njia hiyo inafanya kazi, na mtu anayesumbuliwa na kiungulia miezi na miezi namshauri aifikirie. Kwa mafua ya wiki moja naiona ni kazi ya bure. Mume wako naye atalala kilimani bila kuumwa, na tofali likiteguka usiku utakuwa na habari nyingine kabisa ya kuniandikia. Mablanketi unaweza kuyapanga upande wako tu. Ila ukimaliza kupanga, angalia chandarua. Godoro likiinuka, pembe za chandarua mchagoni huchomoka, na watu hawagundui hadi asubuhi.

Kabla hujatandika chochote, fanya jaribio dogo leo jioni. Lala bapa dakika tano, usikilize pua na koo. Kisha inuka, keti ukiegemea ukuta, dakika kumi au kumi na tano. Pua ikifunguka hata upande mmoja, na mtekenyo wa koo ukapungua, tatizo lako ni hilo la kulala bapa na mteremko utakufaa. Ukikaa wima robo saa nzima na hakuna kilichobadilika, usijisumbue na mablanketi, kinachokukohoza ni kingine.

Ukiwa juu ya mteremko, kuna hila ya ubavu pia. Ukilala ubavu wa kulia, tundu la kulia, lililo chini, huelekea kuziba, na la kushoto, lililo juu, hufunguka. Kwa hiyo tundu lililoziba zaidi liweke juu. Halifunguki papo hapo, lipe dakika kumi. Nakueleza hili kwa sababu nimeona watu wakigeuka kila dakika mbili wakiamini ubavu haujasaidia, kumbe hawajaupa nafasi.

Nusu saa kabla ya kulala, penga tundu moja moja, taratibu, ukiwa umekaa. Kijiko cha chai cha asali, kama unayo ya Tabora ile nzito, kinatuliza koo kuliko sharubati nyingi za kikohozi zinazouzwa madukani. Unanyonyesha, na asali ukila wewe haina shida. Mtoto mwenyewe asionje hata tone hadi atimize mwaka, kwa sababu asali inaweza kubeba vijidudu ambavyo utumbo wa mtoto mchanga hauwezi kuvizuia, na sumu yake hulegeza misuli. Ukipita duka la dawa, mwambie muuzaji kwamba unanyonyesha kabla hajakupa vidonge vya mafua. Baadhi vina pseudoefedrini, ambayo inafungua pua lakini pia inaweza kupunguza maziwa.

Na chakula cha usiku kisogeze mapema. Ugali ukiushusha saa tatu na ukalala saa tatu na nusu, tindikali ya tumbo inapanda kooni, inakukohoza vile vile, nawe unasingizia mafua.

Usitegemee mteremko upunguze siku za ugonjwa. Mafua yatakwenda kwa ratiba yake, kwa kawaida wiki moja hadi siku kumi, na kikohozi kinaweza kubaki nyuma kidogo. Unachonunua kwa mablanketi yako ni usingizi. Pua ikishafunguka, yatoe, kwa sababu kulala kwenye mteremko wiki nyingi kunachosha kiuno. Kikohozi kikitimiza wiki mbili, nenda kituo cha afya ukapime makohozi, na nenda mapema zaidi ukiona jasho la usiku, unakonda, au makohozi yana damu. Kifua kikuu hakibagui walimu, na kipimo chake katika vituo vya serikali ni bure.

Hapa nikupe kisa kimoja, kwa sababu mito mingi imewahi kumficha mtu ugonjwa. Nilipokuwa bado muuguzi, jirani yangu mmoja, mzee wa makamo, alikuwa akinieleza kila msimu wa baridi kwamba mafua hayamwachi. Alianza na mito miwili, ikawa mitatu, mwisho akawa analala kwenye kochi. Siku moja nikamuuliza pua yake ikoje. Akasema haina neno, haina hata kamasi. Nikatazama miguu yake, soksi zilikuwa zimeacha alama ya kina juu ya kifundo. Nikamsindikiza hospitali. Moyo wake ulikuwa umechoka kusukuma damu, maji yanajaa mapafuni kila akilala bapa. Ndiyo maana daktari anaweza kukuuliza, kama utani, unalalia mito mingapi. Wewe una pua inayochuruzika na siku sita tu, kwa hiyo sikutishi. Ila mtu anayehitaji kuinuka ili apumue, na pua yake ni kavu, au anazinduka usiku akitafuta hewa dirishani, huyo asijengewe mteremko, apelekwe kupimwa. Na kifua kikitoa mlio wa filimbi ukitoa pumzi, hiyo inaweza kuwa pumu, nayo haitibiwi kwa mito.

Sasa tuje kwa mtoto. Yote niliyokuambia juu ya mteremko ni ya mtu mzima na mtoto mkubwa. Kwa mtoto wa miezi mitano geuza kabisa. Kichwa chake ni kizito ukilinganisha na mwili, na shingo yake bado haina nguvu ya kukirudisha kikianguka. Ukimlaza kwenye mto au mahali palipoinama, anateleza, kidevu kinagota kifuani, na njia ya hewa, ambayo kwake ni nyembamba kama mrija, inafungwa. Halii, kwa sababu hana hewa ya kulilia. Huko Marekani, baada ya vifo vya watoto kwenye vitanda vya kichanga vilivyoinama, mwaka 2022 ilitungwa sheria kupiga marufuku vitanda vyenye mwinamo unaozidi nyuzi 10. Kama kitanda kilichotengenezwa kiwandani kwa ajili ya mtoto kimekatazwa, mto wa pamba wa kwetu tuusemeje?

Mtoto alale chali, bapa, juu ya kitu kigumu kiasi, bila mto wala blanketi zito karibu na uso. Najua mama mkwe atasema akilala chali atapaliwa na kamasi. Hofu hiyo ni ya zamani na ina mantiki, lakini maumbile yanasema vingine. Mtoto akilala chali, bomba la hewa liko juu ya umio, kwa hiyo kinachorudi kooni kingelazimika kupanda ili kiingie mapafuni. Kinabaki chini, na mtoto anakimeza.

Jambo jingine: kama mtoto mnalala naye kitanda kimoja, usiku huu ukishajenga mteremko wako, asilale juu yake. Atateleza kuelekea kwako au kuingia kwenye mkunjo wa blanketi. Mtandikie kigodoro chake bapa kando yako, mkono wako umfikie.

Pua yake utaifungua kwa maji ya chumvi. Chemsha maji, pima kikombe kimoja, yaani karibu robo lita, tia nusu kijiko cha chai cha chumvi, koroga iyeyuke yote na uache yapoe kabisa. Mlaze chali, dondoshea tone moja au mawili kila tundu, subiri dakika moja, kisha futa au vuta kamasi kwa mpira wa kuvutia, taratibu. Fanya hivyo kabla ya kunyonyesha, kwa sababu mtoto hawezi kunyonya na kupumulia mdomo kwa wakati mmoja. Pua ikiziba anaacha titi, analia, unadhani maziwa yamepungua. Maji hayo yamwage kila siku utengeneze mapya. Na kama unataka kumwinua, mwinue ukiwa macho. Mshike wima kifuani pako baada ya kunyonya, robo saa au dakika ishirini, hiyo inamsaidia vizuri. Usisinzie naye kwenye kochi tu.

Mtazame anavyopumua akiwa ametulia, hajatoka kulia wala kunyonya. Fungua nguo kifuani, uhesabu pumzi dakika nzima kwa saa. Kwa umri wake, zikifika 50 au zaidi ni nyingi mno. Au ukiona kila akivuta hewa sehemu ya chini ya mbavu inabonyea ndani, au anaguna kila pumzi, au amekataa titi kabisa, mpeleke hospitali, usisubiri kupambazuke.

Na jiko. Mama mkwe hajakosea kwamba baridi ya Njombe mwezi wa saba inauma, lakini mkaa unapowaka unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Tena mkaa unaotisha zaidi ni ule mwekundu usio na moshi, ambao watu wanauita umeshaiva na wanauona salama. Chumba cha Njombe usiku kimefungwa madirisha, na hewa ile inamchukua mtu akiwa usingizini, hakuna kikohozi cha kumwamsha. Hata pale isipoua, moshi wa kuwashia unawasha koo lililokwisha kuwashwa na mafua. Otea moto jikoni au uani jioni. Usiku mvalishe mtoto tabaka mbili tatu, nawe weka chupa ya maji ya moto miguuni pako. Pako, si pa mtoto.

Kuhusu kumwambia mama mkwe, mimi nisingemwambia amekosea. Ningemwendea jioni na bakuli la maji ya chumvi nikamwambia, "Mama, nimeelekezwa dawa ya pua ya mtoto, naomba unishikie kichwa chake nidondoshee." Bibi mwenye kazi ya kufanya hatafuti mto. Na la mkaa mwachie mume wako alizungumze na mama yake, maneno ya mwana hayahesabiwi utovu wa adabu kama ya mkwe. Naye mrudishie mto wake, mmoja unakutosha.

Shangazi